Miaka Saba na Nusu ya Shani

Katika nyumba nyingi za Wagujarati wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi kuna neno linaloweza kunyamazisha sebule nzima: panoti. Biashara imeyumba, posa imevunjika, kijana karudishwa nyumbani kutoka kazini, na bibi anauliza kwa sauti ya chini kama panoti ya mtoto imeshaanza. Kwa Kihindi na katika vitabu vya unajimu jambo hilohilo huitwa Sade Sati. Ni kipindi cha takriban miaka saba na nusu ambacho, kwa imani ya unajimu wa Kivedi, sayari ya Zohali humkalia mtu kichwani, kifuani na miguuni kwa zamu.

Hofu ya kipindi hiki ni kubwa kuliko ujuzi wa watu juu yake. Wengi wanajua kwamba ni kibaya na kwamba ni kirefu. Wachache wanajua kinahesabiwaje, na wachache zaidi wanajua kwamba wakati wowote ule, leo hii pamoja na siku babu zao walipozaliwa, karibu robo ya watu wote duniani wamo ndani yake. Robo hiyo inapatikana kwa hesabu nyepesi, na anayeielewa huwa hatishiki kirahisi.

Zohali huzunguka jua kwa miaka ishirini na tisa na nusu hivi. Anga ambamo sayari huonekana zikipita imegawanywa katika buruji kumi na mbili, zilezile ambazo wasomaji wa Kiswahili wanazijua kwa majina ya Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na kuendelea hadi Hutu. Wahindi huziita Mesha, Vrishabha, Mithuna, Karka, mpaka Mina. Ukigawa mzunguko wa Zohali kwa kumi na mbili, unapata miaka miwili na nusu, pungufu kidogo, kwa kila buruji. Sade Sati ni safari ya Zohali katika buruji tatu: ile iliyotangulia buruji ya Mwezi wako, yenyewe, na inayoifuata. Buruji tatu kati ya kumi na mbili ni robo.

Neno la kushika hapo ni Mwezi. Mtu aliyezoea kusoma nyota yake gazetini hujua buruji ya jua, ambayo hutokana na tarehe ya kuzaliwa. Aliyekwenda kwa mtaalamu wa falaki wa pwani huenda alipewa nyota iliyotokana na hesabu ya abjadi ya jina lake na la mama yake. Sade Sati haitumii yoyote kati ya hizo. Inatazama Mwezi ulikuwa katika buruji gani saa ile mtoto alipozaliwa, na kwa kuwa Mwezi hukaa katika buruji moja siku mbili na robo tu, mara nyingi saa na mahali pa kuzaliwa vinahitajika ili kuwa na hakika. Tena wanajimu wa Kihindi hupima buruji kwa nyota zenyewe za angani, hali wale wa Magharibi hupima kwa majira ya mwaka, na kati ya vipimo hivyo viwili pana tofauti ya nyuzi ishirini na nne hivi. Anayejiita Hamali kwa sababu gazeti limesema hivyo, akasikia kwamba Hamali wameingia panoti na kuanza kutetemeka, huenda anatetemeka kwa ajili ya nyota ya mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa binti ambaye Mwezi wake, kwa hesabu ya Kihindi, ulikuwa Mesha. Kwa kalenda inayotumiwa na wanajimu wengi wa India, Zohali iliingia Mina, buruji iliyotangulia Mesha, tarehe 29 Machi 2025. Hapo ndipo Sade Sati yake ilipoanza. Tarehe 3 Juni 2027 Zohali itaingia Mesha yenyewe, lakini haitatulia. Kila mwaka, kwa miezi minne na nusu hivi, sayari hiyo huonekana kutoka duniani kama inarudi nyuma, kwa kuwa dunia yetu, yenye mwendo wa kasi zaidi, huwa inaipita. Kwa sababu hiyo itarudi Mina tarehe 20 Oktoba 2027, kisha itaingia Mesha tena tarehe 23 Februari 2028. Itagusa Vrishabha Agosti 2029, irudi Mesha Oktoba, iingie Vrishabha kwa kukaa Aprili 2030, na itoke huko tarehe 31 Mei 2032.

Jumla ni miaka saba na miezi miwili. Nusu mwaka iliyomo katika jina la kipindi hiki ni kadirio la wazee, na wengine hupata zaidi kidogo au pungufu kidogo kutegemea Zohali inavyorudi nyuma katika miaka hiyo. Jambo la kutazama zaidi ni yale mapengo. Katikati ya kipindi hicho kuna miezi ambayo sayari imetoka katika awamu moja na kurudi katika ile iliyopita. Mnajimu makini humwonyesha mteja tarehe hizo. Anayemwambia tu kwamba ana miaka saba ya mateso mbele yake ameruka kazi yenyewe.

Hata siku ya kuanza haina makubaliano. Huko Thirunallar, karibu na Karaikal katika jimbo la Puducherry kusini mwa India, kuna hekalu maarufu ambako maelfu kwa maelfu ya watu hufurika Shani anapohama buruji, waoge katika bwawa lake na kumwomba awapunguzie uzito. Hekalu hilo hufuata hesabu za kale za Kitamil ziitwazo Vakya, ambazo hazilingani na zile za kisasa zinazotokana na uangalizi wa anga. Kalenda za kisasa zilipotangaza kwamba Shani ameingia Kumbha Januari 2023, Thirunallar walisubiri mpaka tarehe 20 Desemba mwaka huohuo ndipo wakafanya sherehe. Machi 2025, vyombo vya habari vilipojaa habari za Shani kuingia Mina, hekalu liliwatangazia waumini kwamba kwa hesabu zake tukio hilo ni la 2026.

Kwa hiyo, watu wawili waliozaliwa saa moja na hospitali moja wanaweza kuambiwa na wanajimu wawili, wote waaminifu, kwamba panoti yao inaanza kwa tofauti ya karibu mwaka mzima. Wapo pia wanaopima kwa nyuzi badala ya buruji: huanza pale Zohali inapobakiza nyuzi arobaini na tano kuufikia Mwezi wa kuzaliwa, na humaliza inapoupita kwa nyuzi arobaini na tano. Kwa njia hiyo tarehe zinaweza kusogea kwa zaidi ya mwaka mbele au nyuma. Mtu aliyeahirisha harusi kwa sababu ya tarehe moja anastahili kujua kwamba tarehe hiyo ina wapinzani ndani ya fani yenyewe.

Wanajimu hugawa kipindi hiki katika awamu tatu. Zohali ikiwa katika buruji ya kumi na mbili kutoka Mwezi, yaani ile iliyotangulia, husemwa kwamba matumizi huongezeka, usingizi hupungua, na mtu huweza kwenda mbali na kwao. Ikipita juu ya Mwezi wenyewe, husemwa kwamba uzito huangukia akili na mwili, maana katika unajimu wa Kivedi Mwezi ndio moyo na hisia, na ndio mama. Ikiingia buruji ya pili, mzigo huhamia kwenye fedha, jamaa na maneno ya kinywani. Awamu ya kati ndiyo inayoogopwa kuliko zote, ingawa wapo wanaosema ya tatu huwa nyepesi kwa sababu mtu ameshajifunza kubana matumizi na kunyamaza.

Haya ndiyo maelezo ambayo watu wengi husikia, na kwa wengi mazungumzo huishia hapo. Lakini ndani ya fani yenyewe, huu ni mwanzo tu wa uchunguzi. Vitabu vya zamani, ukiwemo Brihat Samhita wa Varahamihira wa karne ya 6, hutaja matokeo ya kila sayari inapopita katika kila nyumba kutoka Mwezi, Zohali ikiwa mojawapo. Mnajimu aliyefundishwa vizuri hawezi kutoa hukumu kwa mwendo wa Zohali peke yake. Anatazama kwanza buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki wakati wa kuzaliwa. Kwa waliozaliwa Vrishabha au Tula ikichomoza, Zohali huhesabiwa kuwa sayari yenye heri kuliko nyingine zote. Anatazama pia mtu yumo katika kipindi cha sayari gani katika ule mzunguko wa miaka 120 uitwao Vimshottari. Kipindi kizuri huko, wanasema, huifunika Sade Sati hata mwenyewe asijue kwamba imepita.

Kisha kuna kipimo ambacho wateja wengi hawajawahi kukisikia, nacho ndicho chenye manufaa zaidi kwa anayetaka kutulizwa kwa lugha ya fani ileile iliyomtisha. Kinaitwa ashtakavarga. Kila buruji hupewa alama kutokana na mahali zilipo sayari saba na ile buruji inayochomoza. Kwa Zohali, buruji moja haiwezi kupata zaidi ya alama nane, na alama zote katika buruji kumi na mbili daima ni 39, yaani wastani wa tatu na kidogo kwa kila moja. Buruji yenye alama tano au sita ni mahali ambapo Zohali hupita bila kelele, na mara nyingine huacha cheo au nyumba. Buruji yenye alama moja, au isiyo na alama, ndiyo ya kuangaliwa. Turudi kwa yule binti wa Mesha: akiwa na alama moja Mina, tano Mesha na nne Vrishabha, basi kwa kanuni za fani yenyewe sehemu nzito ni ile ya kwanza tu, na awamu ya kati inayoogopwa na kila mtu ndiyo nyepesi kwake. Mnajimu anayetaja Sade Sati bila kufungua jedwali hili amesoma ukurasa wa kwanza akafunga kitabu.

Mfano wa mtu anayejulikana unasaidia kuona jinsi kipindi hiki kinavyochanganya mambo. Indira Gandhi alizaliwa tarehe 19 Novemba 1917, na kwa ramani inayotumiwa na wanajimu wa India, Mwezi wake ulikuwa Makara. Zohali iliingia Dhanu, buruji iliyotangulia Makara, mwaka 1958, na ikatoka Kumbha mwaka 1966. Hiyo ndiyo Sade Sati yake ya utu uzima. Ndani ya miaka hiyo mumewe, Feroze, alifariki Septemba 1960. Baba yake, Jawaharlal Nehru, alifariki tarehe 27 Mei 1964. Anayetaka kutisha watu ataishia hapo.

Lakini katika miaka hiyohiyo, Februari 1959, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Congress, na tarehe 24 Januari 1966, Zohali ikiwa bado Kumbha, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa India. Na mapigo mawili makubwa ya maisha yake ya kisiasa yalimkuta nje ya Sade Sati kabisa: alipoangushwa katika uchaguzi wa Machi 1977 Zohali ilikuwa Karka, na alipouawa na walinzi wake tarehe 31 Oktoba 1984 ilikuwa Tula. Maisha yale hayakupangika kwa tarehe za panoti.

Mnajimu mtetezi atajibu kwamba Karka ni ya saba kutoka Makara na Tula ni ya kumi, na hizo nazo ni sehemu za mashaka ziitwazo Kantaka Shani. Ni kweli, fani inasema hivyo. Inasema pia kwamba Zohali ikiwa ya nne au ya nane kutoka Mwezi kuna kipindi kingine cha miaka miwili na nusu, ambacho Wagujarati hukiita panoti ndogo. Hesabu sasa: ya kumi na mbili, ya kwanza, ya pili, ya nne, ya saba, ya nane, ya kumi. Hizo ni saba kati ya kumi na mbili. Vitabu vingi haviisifu ya tano wala ya tisa, na zile ambazo Zohali husifiwa ni tatu tu: ya tatu, ya sita na ya kumi na moja. Wavu wenye upana huo hauwezi kukosa samaki. Kila msiba utapata nyumba ya Zohali ya kuangukia, na kwa sababu hiyo msiba uliotokea hauwezi kuthibitisha kwamba Zohali ndiyo iliyouleta.

Umri nao una sehemu yake. Zohali hurudi mahali pamoja kila baada ya miaka karibu thelathini, kwa hiyo mtu anayeishi umri mrefu hupita Sade Sati mara mbili au tatu. Ya utu uzima huwakuta wengi katika miaka ambayo watoto wanasoma, mkopo haujaisha, na wazazi wameanza kuzeeka. Chukua miaka saba yoyote ya mtu wa makamo, yenye panoti au isiyo na panoti, na ndani yake utakuta mazishi, ugomvi wa kazini na homa iliyochukua muda kupona. Aliyeambiwa mapema kwamba miaka hiyo ni ya Shani huyahesabu yote hayo kwa Shani, na yale mazuri yaliyotokea huyasahau au huyaita bahati.

Majaribio ya kisayansi hayajaupa unajimu nguvu. Mwaka 2008 mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake wa Pune walikusanya ramani za kuzaliwa za watoto 200, nusu wakiwa wanafunzi hodari na nusu watoto wenye ulemavu wa akili, wakawaomba wanajimu waseme ipi ni ya nani. Wanajimu 27 walirudisha majibu. Walipatia asilimia 46, ambayo haizidi kubahatisha kwa kurusha sarafu. Jaribio hilo halikuihusu Sade Sati moja kwa moja, lakini lilitumia ramani zilezile na kanuni zilezile ambazo hutumiwa kumwambia mtu kwamba miaka saba ijayo ni migumu.

Hofu yenyewe imetoka mbali. Shani katika simulizi za Kihindu ni mwana wa Surya, yaani Jua, na Chhaya, yaani Kivuli. Ni ndugu wa Yama, mungu wa mauti, naye huchukuliwa kuwa hakimu anayelipa kila mtu kwa matendo yake. Simulizi inayosomwa sana, hasa Maharashtra na Gujarat, ni ya mfalme Vikramaditya aliyemdharau Shani mbele ya baraza lake. Panoti ikamwangukia. Farasi alimchukua akamtupa msituni, akasingiziwa wizi wa mkufu katika mji wa ugenini, akakatwa mikono na miguu, akaishia kukaa kwenye kinu cha mafuta akiswaga ng'ombe. Kipindi kilipokwisha Shani alimtokea, akamrudishia viungo vyake na ufalme wake. Wanaoisoma kwa utulivu huona kwamba mfalme aliadhibiwa kwa kiburi, na kwamba adhabu ilikuwa na mwisho. Wanaoisoma kwa woga hukumbuka mikono iliyokatwa.

Kutokana na simulizi hizi zimekuja desturi za Jumamosi, siku ya Shani. Huko kaskazini mwa India, mtu hujaza mafuta ya haradali katika bakuli la chuma, akainama kutazama sura yake ndani yake, kisha akayatoa mafuta yale sadaka. Wengine hutoa ufuta mweusi, choroko nyeusi au blanketi jeusi kwa maskini. Wagujarati wengi huenda kwenye hekalu la Hanuman na kummiminia mafuta, kwa imani kwamba Shani hawagusi waja wa Hanuman. Katika makutano ya barabara za Delhi, Jumamosi asubuhi, utakuta vijana wenye ndoo ndogo ya mafuta ambamo kimesimamishwa kipande cha bati chenye umbo la Shani, na madereva wakitupia sarafu wakingoja taa ibadilike. Desturi hizi ni za gharama ndogo, zinamwendea maskini, na zinampa mwenye wasiwasi jambo la kufanya kwa mikono yake. Hakuna sababu ya kuzikejeli.

Jiwe ni habari nyingine. Yakuti ya samawati, ambayo Wahindi huiita nilam, ndiyo jiwe la Shani, na mara nyingi mteja aliyetishwa na Sade Sati huuziwa pete yake siku hiyohiyo. Watanzania wanaijua yakuti: inachimbwa Tunduru mkoani Ruvuma na katika bonde la Umba mkoani Tanga, na wanaoifanyia biashara wanajua jinsi kioo kilichotiwa rangi kinavyoweza kumdanganya mnunuzi asiye na kipimo. Lakini hata likiwa jiwe halisi, kuna utata ndani ya fani. Wanajimu husema jiwe huongeza nguvu za sayari yake. Kama Zohali ndiyo inayomtesa mteja, kumwongezea nguvu ni kumpa fimbo anayekupiga. Ndiyo maana waalimu wengi wa fani hii huonya kwamba nilam haifai kuvaliwa kwa sababu ya Sade Sati peke yake, na kwamba hata inapofaa hujaribiwa siku kadhaa kwanza. Anayeiuza kwa haraka anavunja kanuni za kazi yake mwenyewe.

Sasa tumrudie yule binti na mama yake, wamekaa mbele ya Maharaj, kama Wagujarati wanavyomwita kuhani wao, na janmakshar, yaani karatasi ya ramani ya kuzaliwa, imefunguliwa mezani. Mama anauliza kama ni kweli binti ameingia panoti. Jibu baya linajulikana: Maharaj anavuta pumzi, anatikisa kichwa, anasema miaka saba, anataja ajali, anataja ndoa itakayovunjika, kisha anataja bei. Jibu lenye utulivu halihitaji uongo. "Ndiyo, mama, kwa kalenda yetu imeanza Machi 2025. Kwa hesabu nyingine itaanza baadaye. Awamu hii ya kwanza, vitabu vinaitaja kwa matumizi na usingizi, basi asikope bila mpango na asikeshe. Awamu ya pili kwake naiona nyepesi. Harusi mnaweza kupanga. Vijana wote mtakaowaendea kwa posa wamewahi kupita au watapita humuhumu."

Maneno hayo hayaondoi imani ya mtu, wala hayampi hukumu. Yanataja tarehe, yanakiri kwamba kuna hesabu zinazopingana, yanashika awamu iliyopo badala ya kumbebesha mtu miaka saba kwa mara moja, na yanabadili tishio kuwa ushauri ambao ungefaa hata kama Zohali isingekuwapo angani. Kuna pia mambo ambayo hayapaswi kutamkwa hata kidogo: kifo, ugonjwa wenye jina, na kisirani cha mtu kwa familia yake. Kumwambia bwana harusi kwamba panoti ya mkewe ndiyo iliyomuua mama yake ni kupanda chuki ambayo itabaki ndani ya nyumba muda mrefu baada ya Zohali kuhama.

Uangalifu mkubwa unatakiwa katika awamu ya kati, kwa sababu vitabu huihusisha na huzuni na kukosa usingizi. Mtu aliyefika kwa mnajimu akiwa hali, halali na haoni sababu ya kuamka, akiambiwa kwamba amebakiza miaka mitano ya hali hiyo, amefungiwa mlango. Hali hiyo ina tiba, na tiba yake iko hospitalini. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, uvimbe au kikohozi kisichoisha: visisubiri Zohali ihame. Maharaj mwema humwambia mteja wake aende kwa daktari kwanza, sala itaendelea hata akiwa kwenye foleni ya dawa.

Zohali itakapogusa Mesha Juni 2027, itakuwa zamu ya waliozaliwa Mwezi ukiwa Vrishabha kuambiwa kwamba wameingia, na wale wa Kumbha wataanza kutoka. Ukiwa miongoni mwao, au mzazi wako akirudi nyumbani na habari hiyo amekunja uso, muulizeni aliyeisema mambo manne: ametumia kalenda gani, Mwezi ulikuwa nyuzi ngapi, buruji hizo tatu zina alama ngapi za Zohali, na tarehe za kurudi nyuma ni zipi. Akijibu, mna la kuzungumza naye. Akishindwa kujibu na akataja bei ya jiwe, ondokeni na pesa yenu.